Kwa Nini Filamu Huchoka Katikati: Kuipima Titanic kwa Saa Mkononi

Malalamiko ya watazamaji kuhusu filamu ndefu hufanana: ilianza vizuri, ikaboa katikati, halafu ikaisha ghafla. Mwandishi akisikia hivyo hukimbilia kutafuta sini mbaya ili aikate, na mara nyingi haioni. Kila sini ukiitazama peke yake inapendeza, waigizaji wamefanya kazi yao, mazungumzo yana ladha. Kasoro iko mahali sini hizo zilipowekwa, na muda zilioula kabla ya jambo kugeuka. Kasoro hiyo hupimika kwa saa na kalamu, ndiyo maana maelezo haya yana dakika nyingi.

Mgawanyo wa hadithi katika matendo matatu, yaani sehemu zake tatu kubwa, ni wa kale. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alisema hadithi kamili ina mwanzo, kati na mwisho, lakini hakutaja kurasa wala dakika. Aliyezieneza hesabu hizo ni Mmarekani Syd Field, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu uandishi wa filamu. Alichukua muswada wa kurasa 120 akaugawa hivi: tendo la kwanza kurasa 30, la pili 60, la tatu 30. Yaani robo, nusu, robo. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mpangilio wa kawaida, herufi za Courier ukubwa wa 12, huhesabiwa kuwa dakika moja ya filamu.

Ukiitazama hesabu hiyo unaona tatizo liko wapi. Tendo la pili peke yake ni refu kama mengine mawili yakijumlishwa. Mwandishi anajua hadithi yake inaanzaje, kwa sababu wazo lilimjia na mwanzo wake. Anajua pia inaishaje, au angalau anajua nani atashinda. Lile eneo la saa nzima lililo kati hana ramani yake, kwa hiyo analijaza: stelingi anajaribu, anashindwa, anajaribu tena, anashindwa tena. Mtafiti wa filamu Kristin Thompson, katika kitabu alichotoa 1999, alipima filamu nyingi za Hollywood na kuonyesha kwamba kwa kawaida zina sehemu nne kubwa zinazokaribiana kwa urefu. Kwa mwandishi aliye mezani, hoja hiyo ina maana moja ya vitendo: lile tendo la pili lina mgeuko mkubwa katikati yake, na mgeuko huo ukikosekana ndipo filamu inapochoka.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue filamu ambayo karibu kila mtu ameiona: Titanic ya James Cameron, ya 1997. Ina dakika 194 pamoja na majina ya mwisho. Inafaa kupimwa kwa sababu ni ndefu kupita kiasi, karibu filamu mbili, na bado watu waliimaliza na kurudi kuitazama tena. Dakika nitakazotaja si za kukata kwa kisu, ni za karibu, nawe unaweza kuzihakiki ukiwa na saa mkononi.

Dakika kama 20 za mwanzo ziko katika zama zetu: wazamiaji wanatafuta kito, wanapata mchoro, na bibi kizee Rose analetwa melini kwao. Humo mna sini moja ambayo wanafunzi wa uandishi huipita bila kuitazama mara mbili. Mmoja wa wazamiaji anamwonyesha Rose, kwa picha za kompyuta, jinsi meli ilivyozama: maji yanaingia mbele, sehemu ya nyuma inanyanyuka, meli inakatika vipande viwili, kipande cha nyuma kinasimama wima kisha kinazama. Anaeleza kwa haraka na kwa mzaha kidogo. Ukiiona mara ya kwanza unaidhania ni kichekesho cha mtaalamu asiye na adabu. Kumbe kazi yake itaonekana zaidi ya saa mbili baadaye. Meli inapoanza kukatika kweli, hakuna mhusika anayesimama kueleza nini kinatokea, maana mtazamaji ameshafundishwa. Tendo la tatu linaweza kukimbia kwa sababu mzigo wa maelezo ulibebwa katika tendo la kwanza.

Kisha tunapanda meli Southampton, 1912. Karibu dakika ya 40 Rose, hapa akiwa bado msichana, anakwenda nyuma ya meli kujitupa baharini, na Jack, kijana maskini, anamzuia kwa kumwambia kwamba akiruka naye ataruka. Hapo ndipo mimi naweka mwisho wa tendo la kwanza. Wengine huuweka mapema zaidi, meli inapong'oa nanga, na wana hoja. Ila kung'oa nanga hakumbani mtu yeyote, abiria wote walikuwa tayari na tiketi. Sini ya nyuma ya meli inawafunga wawili hawa kwa deni la uhai na inaleta swali litakaloongoza saa inayofuata: je, Rose atamwacha mchumba wake tajiri aliyechaguliwa na shida za mama yake? Ukigawa 40 kwa 194 unapata asilimia 21 hivi. Karibu robo.

Sasa tazama dakika kama ya 100. Rose na Jack wanatokeza kwenye sitaha wakicheka, na Rose anasema meli ikitia nanga atashuka naye. Swali la tendo la pili limejibiwa, waziwazi, kwa kauli yake mwenyewe. Walinzi walio juu ya mlingoti wanawatazama wapenzi wakibusiana, na wanapogeuza macho mbele barafu iko karibu mno. Meli inagongwa. Kwa hesabu ya dakika 194 hiyo ni asilimia 51 na ushei. Ukiondoa majina ya mwisho, ambayo huchukua dakika kadhaa, inasogea kidogo mbele ya nusu. Hata kwa hesabu hiyo tofauti ni ndogo.

Mwandishi mchanga akiambiwa "weka kitu kikubwa katikati" huchukua nusu ya fundisho hili. Anaweka ajali, kifo, au mapigano, na filamu bado inachoka. Barafu inafanya kazi kwa sababu ya vitu vinavyotokea pamoja nayo. Swali la zamani limejibiwa sekunde chache kabla. Swali jipya limezaliwa, nalo ni kama watapona. Na hakuna anayeweza kurudi nyuma: muda si mrefu baadaye fundi aliyeibuni meli anaeleza kwamba itazama, hakuna namna, imebaki saa moja au mbili. Tangu hapo kila mtu melini ana saa inayohesabu kurudi chini. Hadithi ya mapenzi na hadithi ya meli, zilizokuwa zikienda sambamba, zimefungwa fundo moja.

Kuna kipimo kingine ambacho watu wachache hukitumia, nacho kinaonyesha wazi zaidi jinsi muundo unavyobadilisha kasi. Linganisha muda wa hadithi na muda wa skrini. Meli halisi iliondoka Southampton tarehe 10 Aprili, ikagonga barafu saa 5:40 usiku wa tarehe 14. Filamu inaimaliza safari hiyo ya siku nne na nusu kwa dakika kama 80. Kila dakika ya skrini inameza zaidi ya saa nzima ya maisha. Meli ilizama kabisa saa 8:20 usiku uleule, yaani saa mbili na dakika 40 baada ya kugonga, na filamu inatumia takriban saa nzima kuionyesha. Hapo dakika moja ya skrini inameza dakika mbili au tatu tu. Kabla ya katikati tunaruka kutoka chakula cha usiku hadi asubuhi bila kuuliza. Baada ya katikati hatuondoki, tunakaa ndani ya usiku mmoja, mlango kwa mlango, ngazi kwa ngazi. Watu huiita hiyo kasi, na ni kweli sini zenyewe zina mbio, lakini kinachobana kifua ni kwamba muda wenyewe umefinywa.

Jaribu kipimo hicho kwenye muswada wako. Pembeni ya kila sini andika imetokea lini ikilinganishwa na iliyotangulia: siku tatu baadaye, kesho yake, dakika tano baadaye. Kama nusu ya pili bado ina "wiki mbili baadaye" nyingi kuliko ya kwanza, mtazamaji atahisi filamu inapoa wakati inatakiwa kuchemka, hata kama humo ndani kuna mapanga na bastola.

Wazee waliokulia kwenye majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Unguja na Mombasa wanaujua mgeuko wa katikati kupitia filamu za Kihindi. Ni sini inayotangulia intavali, ile iliyokufanya ununue karanga huku ukibishana na jirani kuhusu kitakachofuata. Waandishi wa India waliijengea intavali kwa makusudi, kwa sababu ukumbi ukiwashwa taa na hadithi haijageuka, watu wanaweza kwenda nyumbani. Kwetu, filamu za Bongo za enzi za VCD na DVD zilipata intavali ya aina yake: hadithi moja iliuzwa katika diski mbili, sehemu ya kwanza na ya pili. Jambo hilo lingeweza kutufundisha mgeuko wa katikati kuliko darasa lolote. Lilifundisha kitu kingine. Sehemu ya kwanza mara nyingi ilikatwa pale muda wa diski ulipoishia, katikati ya ugomvi ambao ungeisha dakika mbili baadaye. Mnunuzi alisimamishwa, ndiyo, lakini alipoweka diski ya pili alikuta hadithi iko palepale. Kusimamisha mtazamaji na kugeuza hadithi ni kazi mbili, na ya kwanza ni rahisi mno.

Diski mbili ziliacha pia tabia ya kurefusha. Gari linafika getini, honi, mlinzi anafungua, gari linaingia, mtu anashuka, anabisha hodi, anakaribishwa, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, unakunywa nini. Dakika mbili zimekwenda na hakuna aliyetaka kitu. Katika muswada, salamu hizo zinachukua nusu ukurasa tu, na hapo ndipo kanuni ya ukurasa kwa dakika inapomdanganya mwandishi wa Kiswahili. Dawa yake ni kusoma muswada kwa sauti, watu wawili watatu, simu ikihesabu muda, na kuandika dakika halisi ya kila sini. Fanya hivyo kabla ya hesabu nyingine yoyote, vinginevyo utagawa namba za uongo.

Sasa tuchukue muswada wa kubuni tuufuate hatua kwa hatua. Mjane wa Tandika anapigania kiwanja cha marehemu mumewe. Muswada una kurasa 96, umesomwa kwa sauti na kweli unakaribia dakika 96. Robo zake ni rahisi: 24, 48, 72. Hizi ni alama za kuangalia, si misumari. Dakika tatu nne huku au kule hazimuumizi mtu.

Tendo la kwanza liko sawa. Mazishi, arobaini, shemeji anatokea na mkataba wa mauziano wenye dole gumba la marehemu. Mjane anashtuka, kwa sababu mumewe alikuwa anajua kusoma na kuandika na hajawahi kutia dole gumba popote. Ukurasa wa 23 anaapa mbele ya wifi zake kwamba hatatoka. Swali limewekwa: ataweza kuthibitisha mkataba ni wa kughushi?

Kisha linakuja tendo la pili, na katika rasimu ya kwanza linakwenda hivi. Mjane anakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anafukuzwa. Anakwenda baraza la kata, anapigwa kalenda. Anakwenda kwa wakili, anaombwa hela. Anakwenda kwa mganga, anapigwa hela. Anarudi kwa mwenyekiti. Kila sini ina mwigizaji mzuri na maneno makali, na zote zinafanya kazi ileile. Namna ya kuligundua hilo ni kuandika kila sini katika mstari mmoja, kisha mwisho wa mstari uandike kitu kilichobadilika ambacho hakiwezi kurudishwa. Hapa mistari mitano mfululizo inaishia na "hajasaidiwa". Ukiweza kubadilisha mpangilio wa sini hizo tano na hadithi isiumie, basi una sini moja iliyoandikwa mara tano.

Kosa la kawaida la kurekebisha ni kuongeza kishindo: mjane anagongwa na bodaboda ukurasa wa 48. Atalazwa, watu watalia, na akitoka hospitali ataendelea kutafuta uthibitisho kama mwanzo. Swali halijaguswa.

Mgeuko unaofaa uko ndani ya swali lenyewe. Ukurasa wa 47 mjane anapata majibu ya uchunguzi aliouhangaikia: dole gumba ni la mumewe kweli. Mkataba haukughushiwa kwa namna aliyodhani. Tarehe yake inaangukia siku ambazo marehemu alikuwa amelazwa hajitambui. Kwa hiyo kuna mtu aliyekishika kidole chake akakibandika kwenye wino. Swali la "ni wa kughushi?" limekufa. Limezaliwa jingine: nani alikuwa kando ya kitanda? Na waliokuwa wakipokezana kulala pale hospitali ni watatu: yeye, shemeji, na mwanawe wa kwanza.

Angalia jambo hilo linavyoibadilisha nusu ya pili bila kuongeza hata sini moja ya mapigano. Kabla ya hapo adui alikuwa nje, ofisini. Sasa yuko mezani wanapokula. Mjane aliyekuwa akiomba msaada anaanza kuchunguza, na kila anachogundua kinamuumiza mwenyewe. Zile safari tano za ofisini zinabaki mbili, zote kabla ya ukurasa wa 47, na ya pili ndiyo inayomfikisha kwenye uchunguzi. Kurasa zilizookolewa zinahamia nyumbani, kwa mama na mwana. Muda nao unafinyika: nusu ya kwanza ilikula miezi, ya pili inakula siku tisa zilizobaki kabla ya shauri kusikilizwa.

Mgeuko huo pia unadai kazi huku nyuma. Lazima tendo la kwanza lionyeshe, kwa kupita tu, marehemu akisaini daftari la shule la mtoto, na lazima kuwe na sini fupi ya zamu za hospitali iliyobebwa na jambo jingine, pengine ugomvi mdogo wa nani atalala leo. Ukisubiri ukurasa wa 45 ndipo uanze kueleza nani alilala wapi, mgeuko utafika ukiwa umebeba mizigo na hautaruka.

Mwisho wa tendo la pili, karibu ukurasa wa 72, ni pale mjane anapojua ni mwanawe. Kijana alikuwa na deni la kamari, shemeji alilijua, akalinunua. Katika Titanic nafasi kama hiyo inashikwa na sini ambayo Rose, akiwa ameshawekwa kwenye boti ya kuokolea, anaruka kurudi melini. Iko karibu dakika ya 140, asilimia 72 hivi. Zinafanana kwa jambo moja: mhusika anaiona njia ya kutokea na njia hiyo inafungwa, ama anaifunga mwenyewe. Baada ya hapo hakuna sini ya kutafuta habari mpya. Huo ni mtihani mzuri wa tendo la tatu, kwamba mtazamaji hajifunzi tena sheria za mchezo. Mhusika mpya akitokea ukurasa wa 80, iwe ni mpelelezi mwema au mjomba kutoka Mwanza mwenye ushahidi, jua tendo la kwanza lina deni.

Kilele sasa. Kwa filamu nyingi za dakika 90 hadi 120 kinaangukia kati ya asilimia 85 na 95 ya hadithi. Kwa mjane wetu tunakitafuta kati ya ukurasa wa 82 na wa 91, na tumekiweka wa 84, ndani ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenyekiti wa baraza anamuuliza kama anamjua aliyekibandika kidole. Akimtaja mwanawe anashinda kiwanja na kumpeleka kijana polisi. Akinyamaza, shemeji anachukua nyumba. Kila sini tangu ukurasa wa kwanza imekuwa ikielekea kwenye pumzi hiyo moja.

Watu wengi hukosea kwa kudhani kilele ni mahali penye kelele kubwa kuliko kwingine. Titanic inasaidia kuona tofauti. Kelele kubwa ni meli inapozama, dakika kama ya 160. Lakini swali jingine lililoanza palepale nyuma ya meli, kama mwanamke aliyetaka kufa atachagua kuishi, halijajibiwa bado. Linajibiwa baadaye kidogo, ndani ya maji ya baridi, Jack akiwa amekufa na boti ya waokoaji ikiondoka. Rose anaweza kulala palepale. Anamwachia Jack, anaogelea hadi kwenye filimbi ya afisa aliyekufa, na anaipuliza. Aliyetaka kujiua sasa anapigania kuishi, kwa sababu aliahidi. Hakuna mlipuko wala muziki wa kutisha, na hapo ndipo hadithi inapoamuliwa. Ukitaka kujua kilele chako kiko wapi, rudi kwenye mgeuko wa mwisho wa tendo la kwanza, soma swali lake ambalo mgeuko wa katikati haukulijibu, kisha tafuta sini inayolijibu. Ukikuta linajibiwa na polisi waliofika, au na adui kuanguka mwenyewe ghorofani, muswada haujaisha kuandikwa.

Gharama ya kugundua haya huongezeka kila unapochelewa. Kwenye karatasi, kuhamisha mgeuko kutoka ukurasa wa 60 kwenda wa 48 ni wiki ya usingizi mbaya. Baada ya kushuti ni kuita watu upya: mwigizaji amenyoa, nyumba mliyoazimwa imepakwa rangi nyingine, mtoto amerefuka. Kwa hiyo hata ratiba ya kushuti ipangwe ukiwa unajua sini mbili tatu zinazobeba filamu. Usiweke kilele siku ya mwisho. Siku ya mwisho ndiyo inayolipa madeni ya siku zote zilizopita, jenereta ilipozimika, mvua iliponyesha, mwigizaji alipochelewa. Sini ya kurasa nne itashutiwa kwa saa moja iliyobaki, kamera ikiwa imesimama mahali pamoja, na mtazamaji atasema imeisha ghafla. Weka kilele na mgeuko wa katikati kwenye theluthi ya pili ya ratiba, waigizaji wakiwa wameshazoeana na hela ikiwa bado ipo, na siku za mwisho ziachie sini za barabarani na getini ambazo zikikosekana hakuna atakayeuliza.

Hatua ya mwisho ni chumba cha uhariri, ambako hesabu ndogo huokoa filamu. Tuseme mkato wa kwanza wa filamu ya mjane umetoka dakika 112. Mgeuko wa katikati uko dakika ya 66, kilele dakika ya 100. Prodyuza anataka 96, kwa hiyo zitoke dakika 16. Mhariri muungwana atakata kwa usawa, nane kabla ya mgeuko na nane baada yake. Matokeo ni filamu ya dakika 96 yenye mgeuko dakika ya 58, asilimia 60. Imekuwa fupi na bado inachosha palepale, na zaidi ya hapo mwisho umenyimwa pumzi. Sasa zitoe zote 16 kabla ya mgeuko. Mgeuko unahamia dakika ya 50, asilimia 52. Kilele kinafika dakika ya 84, asilimia 87 na nusu. Hakuna sini hata moja ya nusu ya pili iliyoguswa, na watakaoitazama watakwambia mwisho umekuwa mzuri zaidi.

Dakika 16 hizo hupatikana kwa urahisi kuliko unavyodhani: mageti, salamu, gari kupaki, simu inayoita mara nne kabla ya kupokelewa, na zile safari za ofisini zilizobaki kwa huruma. Kata sini ianze mtu akiwa ameshakaa. Tahadhari ni moja tu: kabla ya kukata chochote cha tendo la kwanza, angalia kama kuna sini ya mbele inayokitegemea. Ukiitupa ile ya marehemu kusaini daftari la shule kwa sababu "haina kitu", dole gumba halitamshtua mtu.

Baada ya kilele, zimebaki dakika 12, na majina ya mwisho yanachukua tatu au nne. Nane hivi zinatosha. Titanic inatumia zaidi, kwa sababu ilifungua hadithi kwa bibi kizee na lazima irudi kumfunga. Filamu ya mjane haina deni hilo. Kwamba kiwanja ni cha nani tumeshajua barazani, kwa hiyo sini ya kukabidhiwa karatasi, yenye vigelegele na keki, ikatwe yote. Ya mama na mwana wakionana mara ya kwanza baada ya ushahidi ibaki, tena kwa urefu wake, kwa sababu hilo ndilo swali pekee ambalo baraza halikulijibu.